Majibu ya vipimo vyako vya tarehe 7 Mei

Tanga, 12 Mei 2025

Mama Salma,

Shikamoo. Majibu ya vipimo ulivyofanya Jumatano iliyopita yametoka. Uliniomba niyaandike ili na Salma ayasome, basi nimeandika yote humu.

Jambo kubwa ni hili: una kisukari, aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima. Ndiyo maana ya ile kiu, kuamka usiku kwenda haja ndogo, na uchovu ulioniambia. Najua ni habari nzito, hasa kwa kuwa ulimuuguza marehemu kaka yako. Lakini ulinieleza kwamba yeye alifika hospitali mguu ukiwa umeshaoza. Wewe umekuja mapema, miguu yako niliikagua na haina kidonda wala ganzi.

Tumejuaje? Sukari yako asubuhi, kabla hujala kitu, ilikuwa 9.4. Ikifika 7.0 tunahesabu ni kisukari. Kipimo cha pili, ambacho kwenye karatasi kimeandikwa HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo hata ile pilau ya harusini isingeweza kukiharibu. Chako ni asilimia 8.6, na kisukari kinaanzia 6.5. Vipimo viwili tofauti vimesema jambo moja, kwa hiyo sina shaka.

Figo zako zinachuja damu vizuri. Kwenye mkojo, hata hivyo, imeonekana protini kidogo. Inaweza kuwa dalili ya mwanzo kabisa kwamba sukari imeanza kuzigusa figo, au ni homa na maambukizi ya njia ya mkojo tu. Usihangaike nayo kwa sasa, tutarudia kipimo. Presha nayo ilikuwa 148/92, imepanda, ila kwa kipimo cha siku moja siwezi kukuandikia dawa ya presha.

Sasa ya kufanya. Kesho chukua dawa ya metformin dirishani, cheti chako nimekiacha pale. Wiki ya kwanza meza kidonge kimoja cha miligramu 500 kila siku pamoja na chakula cha jioni. Kuanzia wiki ya pili meza kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku zote ukiwa unakula. Siku za mwanzo tumbo linaweza kusokota au ukaharisha kidogo. Mara nyingi hutulia lenyewe. Tafadhali usiache dawa kwa sababu umejisikia nafuu, wala usiiache ukaenda kwenye mizizi. Kama kuna dawa ya miti shamba unayotumia, niambie tu, sitakugombeza.

Chakula hatukufukuzi mezani kwako. Soda, juisi na sukari ya kwenye chai acha kuanzia leo. Hilo peke yake litashusha mengi. Ugali na wali endelea kula, ila viwe robo ya sahani. Nusu iwe mboga, mchicha au matembele, na robo inayobaki samaki, dagaa au maharage. Wali wa nazi uwe wa siku moja moja. Tembea nusu saa kila siku, hata ukigawa asubuhi na jioni. Miguu iangalie kila usiku, pamoja na katikati ya vidole, na usitoke nje pekupeku.

Jumatatu tarehe 26 Mei, saa mbili asubuhi, njoo kliniki na chupa ya mkojo wa kwanza wa asubuhi. Tutapima tena mkojo na presha, na siku hiyo hiyo utaonana na mtaalamu wa macho, kwa sababu kisukari huharibu macho kabla mtu hajaona tofauti yoyote. Unaweza kunywa chai, isiyo na sukari. Halafu tarehe 18 Agosti tutarudia kile kipimo cha wastani. Nataka tukikute chini ya asilimia 7.

Usisubiri tarehe hizo ukitapika mfululizo, ukipumua kwa shida, ukianza kuchanganyikiwa, au kiu ikizidi kuliko sasa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku, na uwaambie unatumia metformin. Kidonda chochote mguuni, hata kidogo kisichouma, njoo siku inayofuata bila ahadi.

Kuhusu Ramadhani uliyoniuliza: wengi wenye kisukari hufunga, lakini tupange kwanza saa za dawa. Njoo mwezi mmoja kabla, tukae.

Namba ya kliniki iko nyuma ya kadi yako. Salma akiwa na swali apige mchana, baada ya saa nane, wagonjwa wakiwa wamepungua.

Dkt. Neema
Kliniki ya Kisukari