Mlango wa Mama Salma

Mchwa walianzia chini, wakaula mlango hadi usawa wa goti. Fremu hawakuigusa, kwa kuwa ilikuwa ya mvule, na mvule mchwa hawauwezi. Tangu atoke eda, Mama Salma alilala ameegemeza kinu mlangoni, na fundi aliyepewa kianzio alikuwa hapokei simu tena. Mwishowe akaenda karakana mwenyewe, akanunua mlango wa mninga na bawaba tatu za shaba za inchi nne, akarudi navyo kwa guta. Pangani chumvi ya bahari hula chuma upesi. Bawaba za zamani zilikuwa zimebaki kutu tupu.

Twaha, kijana wa nyumba ya pili, ndiye aliyemsaidia kuushusha.

"Shikamoo mama. Fundi anakuja saa ngapi?"

"Marahaba. Fundi ni mimi na wewe, kama huna kazi."

Akatoa randa ya marehemu uvunguni. Miaka yote alimshikia mumewe mbao, lakini randa yenyewe hakuwahi kuisukuma.

Walipima fremu juu, katikati na chini. Juu inchi thelathini na mbili na nusu, chini thelathini na mbili na robo. Mlango ulikuwa thelathini na tatu kamili. Mama Salma akapiga mstari wa penseli pande zote mbili, akiacha upenyo wa unene wa shilingi kila upande, maana masika mbao hunywa maji na kuvimba.

Twaha akaanza kwa nguvu. Randa ikarukaruka, ikang'oa vipande na kuacha mashimo.

"Subiri. Tazama nyuzi zinakoelekea. Hapa zinapanda kuja kwako, nawe unazichokonoa. Geuza mlango."

Wakaugeuza. Akagonga kisu cha randa kidogokidogo hadi ncha yake ikawa haionekani, inasikika tu kidoleni, kisha akashika yeye. Mara ya kwanza ilitoka vumbi. Akahamisha uzito: mkono wa mbele ukandamize mwanzoni, wa nyuma ukandamize mwishoni. Randa ikanyamaza, ikaanza kuteleza, na ukanda mrefu wa mbao wa kahawia ukajikunja juu ya kiganja chake, mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Alisimama akautazama.

"Nipe na mimi," Twaha alisema.

Wakapokezana. Kwa ukingo wa juu, ambako mbao imekatwa kukingama nyuzi, alimkataza kusukuma moja kwa moja hadi mwisho. "Toka pembeni ishia katikati, kisha anza pembe ya pili. Ukipitiliza utapasua kona. Marehemu alipasua kona ya kabati la watu, tukalilipa."

Bawaba zilikuwa kazi nyingine. Walichora umbo la kila moja kwa ncha ya kisu, Twaha akachonga kwa patasi. Ya juu ikatoka sawasawa, ya kati nayo. Ya chini alizamisha mno. Waliposimamisha mlango juu ya kabari na kutia skrubu moja moja kila bawaba, ukafungwa nusu kisha ukarudi wenyewe.

Twaha akauegemeza bega, ausukume.

"Usiulazimishe, utang'oa skrubu. Umebana upande wa bawaba. Hii imezama." Akakata kipande cha boksi la majani ya chai kwa mkasi, akakipachika nyuma ya bawaba ya chini. Wakajaribu. Bado kidogo. Akaongeza cha pili. Mlango ukaingia, ukagusa fremu juu hadi chini.

Zilibaki skrubu. Za shaba ni laini na mninga ni mgumu; ukizikaza kavu zinakatika kichwa. Kwa hiyo kwanza walipitisha ya chuma kwenye kila tundu, wakaitoa, wakapaka ya shaba sabuni ya mche na kuikaza polepole. Kazi ya kuchosha kiganja, na Twaha hakuharakisha hata moja.

Jioni komeo lilikuwa mahali pake. Mama Salma akafunga kutoka ndani, akafungua, akafunga tena. Kisha akatoka na noti mkononi.

"Hapana, mama. Mimi naomba uniazime randa. Dirisha la mama yangu halifungi tangu mvua za mwaka jana."

Mama Salma akaifuta randa kwa kitambaa chenye mafuta, akakirudisha kisu ndani kisitokeze.

"Randa haitoki hapa. Ling'oe dirisha ulilete kesho asubuhi. Na upite dukani ununue penseli, hii imekwisha."