Utaratibu wa Kupima Shinikizo na Kusafisha Mabomba ya Maji ya Baridi, Hoteli Mpya, Raskazone, Tanga

Unahusu mabomba ya chuma ya viyoyozi, kuanzia chumba cha pampu hadi paani, ghorofa ya tatu. Shinikizo la kazi ni bar 6. La kupimia ni bar 9, yaani mara moja na nusu, likisomwa kwenye geji ya chini kabisa. Geji ya paani, mita 10 juu yake, itasoma pungufu kwa takriban bar 1. Huko si kuvuja, asikaze mtu flanji.

Fundi wa insulesheni asiguse bomba kabla fomu haijasainiwa. Kwa unyevu wa pwani, bomba la baridi hutoa jasho. Kiungo kinachovuja kikishavikwa, nani atajua lipi ni jasho na lipi ni tone? Chuma huliwa humo ndani hadi dari lianze madoa.

1. Kutenga
Funga kwa flanji za kuziba njia zote za viyoyozi, pampu na tangi la upanuzi. Vali ya usalama ivuliwe na tundu lizibwe kwa plagi. Vali ya kawaida iliyofungwa haitoshi kuwa kizuizi. Geji ziwe mbili, zenye cheti kisichopitwa na muda.

2. Kujaza
Jaza polepole kutoka chini, koki za juu zikiwa wazi, hadi maji yatoke bila kutema hewa. Tumia maji ya bomba la mji. Yakikatika, tusubiri boza. Ya bahari ni marufuku, hata kama ufukwe uko hapo chini: chumvi yake hutoboa chuma. Hewa ya kompresa pia marufuku, kwani bomba likipasuka hurusha vipande.

3. Kupima
Anza saa 1 asubuhi, jua halijashika paa. Maji yaliyofungiwa yakipata joto hupandisha shinikizo, na upandaji huo huficha uvujaji mdogo. Pampu ya mkono: bar 3, simama, kagua; bar 6, kagua tena; kisha 9. Funga vali ya pampu, shikilia kwa muda wa saa mbili. Pitisha karatasi kavu chini ya kila weldi na flanji. Sindano ikishuka au karatasi ikilowa, toa shinikizo lote kwanza, ndipo urekebishe, kisha upimaji uanze upya. Kulehemu bomba lenye shinikizo hakuruhusiwi kwa sababu yoyote.

4. Kusafisha
Toa vikapu vya chujio. Viyoyozi vibaki vimetengwa, maji yapite kwenye njia ya pembeni. Kasi ndiyo hung'oa magamba ya weldi: kwenye bomba la milimita 50, ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 7 au chini. Endelea hadi kitambaa cheupe mdomoni kibaki cheupe, halafu osha na urudishe vikapu.

5. Makabidhiano
Bomba lisiachwe nusu tupu. Kutu hupenda hapo. Siku hiyohiyo lijazwe maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Vali ya usalama irudishwe, flanji za kuziba zihesabiwe zikitoka. Fomu isainiwe na fundi mkuu, msimamizi na mhandisi mshauri, ikiwa na masomo ya geji na saa zake.