Umefungwa au unafungwa? Mazoezi ya wiki hii

Haya jamani, nimemaliza kusahihisha insha zenu na kosa lililojirudia kuliko yote ni hili, mtu anataka kuniambia alikuta mlango umefungwa anaandika "nilipofika mlango ulifungwa", sasa mimi msomaji naelewa kwamba ulipotokea tu wewe, wenyewe wakakubamizia. Ni habari mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo wiki hii hakuna insha, ni mazoezi tu, na majibu nimeyaweka chini ila naomba usishuke kuchungulia kabla hujajaribu.

Kwa kifupi kabla ya kuanza. Tendo linaloendelea linabebwa na -na-: mlango unafungwa, yaani mkono wa mtu uko kwenye kitasa sasa hivi. Hali iliyobaki baada ya tendo inabebwa na -me-: mlango umefungwa, aliyefunga keshaenda zake, kilichobaki ni mlango na hali yake. Ni -me- ileile ya amelala, amekaa, amevaa. Ukisema amevaa kofia humaanishi unamwona anaivaa, unamaanisha iko kichwani. Kwa wakati uliopita unatanguliza kuwa: ulikuwa unafungwa, ulikuwa umefungwa.

ZOEZI LA KWANZA. Chagua moja kati ya mbili.

1. Usiingie kwanza, sakafu (imepigwa / inapigwa) deki, huoni ndoo na tambara viko katikati na mtu kainama?
2. Barua (imeandikwa / inaandikwa), iko kwenye bahasha inasubiri stempu tu.
3. Nilisukuma, nikagonga, wapi, mlango (ulikuwa umefungwa / ulikuwa unafungwa) na ndani hamna mtu.
4. Tulipokaribia, geti (lilikuwa limefungwa / lilikuwa linafungwa), tukatimua mbio tukapenya kwenye upenyo uliobaki.
5. Gari (limeegeshwa / linaegeshwa) hapo tangu juzi, matairi yameanza kupungua upepo.
6. Geti hili (limefungwa / linafungwa) kila siku saa mbili usiku.

ZOEZI LA PILI. Hapa ndipo penyewe. Neno "umefungwa" lenyewe lina sura mbili, linaweza kuwa taarifa ya tendo lililomalizika muda si mrefu au maelezo ya hali tu. Kipimo ninachotumia mimi ni neno bado. Ukiweza kusema "bado umefungwa" na maana isibadilike, hiyo ni hali. Ukiona aliyetenda katajwa kwa "na", mara nyingi hilo ni tendo. Sema kila sentensi ni tendo au hali.

1. Mlango umefungwa na mlinzi dakika hii hii, nimemwona.
2. Mlango umefungwa, tupitie dirishani.
3. Taa zimezimwa, nyumba nzima giza, watakuwa wamelala.
4. Taa zimezimwa moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho.

ZOEZI LA TATU. Sasa tumwingize ndugu yake, yule wa -ka. Kutendwa (-wa) kuna mtu nyuma ya jambo hata asipotajwa. Kutendeka (-ka) hakumjali mtu, kitu chenyewe kimefikia hali fulani, au kinaweza au hakiwezi kufanyiwa jambo. Chagua.

1. Umeme (umekatwa / umekatika) kwa sababu bili haijalipwa miezi mitatu.
2. Umeme (umekatwa / umekatika) mtaa mzima, itakuwa ni ule upepo.
3. Kikombe (kimevunjwa / kimevunjika) na Juma.
4. Mwandiko wako (hausomwi / hausomeki), herufi zimelaliana.
5. Maji (yamechemshwa / yamechemka), zima jiko.

Halafu hii ya kuoanisha. Nina kauli tatu: mlango haufungwi, mlango haufungiki, mlango haujafungwa. Na nina hali tatu: (a) mbao imevimba kwa mvua, ukisukuma inagoma, (b) tumeusahau wazi, kimbia ukaufunge, (c) ni mlango wa dharura, sheria inataka uwe wazi saa zote. Ipi kwa ipi?

ZOEZI LA NNE. Sahihisha. Hizi zote zimetoka kwenye madaftari yenu, wenyewe mnajijua.

1. Dirisha ni limefunguliwa.
2. Sahani imevunjika na Asha.
3. Nguo zinafuliwa, zimekunjwa ziko kabatini.
4. Tulipofika duka lilifungwa, tukaambiwa limefungwa tangu mchana.

MAJIBU

La kwanza: inapigwa, imeandikwa, ulikuwa umefungwa, lilikuwa linafungwa, limeegeshwa, linafungwa. Namba 6 najua wengi imewatega. Kila siku ni mazoea, na mazoea pia yanabebwa na -na-, kwa hiyo "linafungwa" hapo halimaanishi kuna mtu analivuta sasa hivi. Ungeweza hata kusema "hufungwa" na ingekuwa safi zaidi. Na namba 4 angalia ule upenyo, kama lingekuwa limefungwa mngepenya wapi?

La pili: 1 tendo, 2 hali, 3 hali, 4 tendo. Jaribu bado kwenye ya nne, "taa bado zimezimwa moja baada ya nyingine", unasikia inavyokwaruza sikio? Kwenye ya tatu inapita bila shida.

La tatu: umekatwa, umekatika, kimevunjwa, hausomeki, yamechemka. Kwa umeme kosa ni la aibu kabisa, ukimwambia jirani umekatwa wakati umekatika utakuwa umejitangazia deni ambalo huna. Ya tano, "yamechemshwa" si kosa la sarufi, ila unayemwambia azime jiko unamwonyesha mapovu yanayotokota, humwelezi nani kachemsha. Yamechemshwa ungesema kwa mgeni anayeogopa kunywa maji yako. Kuoanisha: haufungiki ni (a), haujafungwa ni (b), haufungwi ni (c). Mtu akisema haufungiki wakati ni mvivu tu wa kuinuka, hiyo ni kesi nyingine.

La nne. Ya kwanza toa "ni", sema dirisha limefunguliwa, au kama unachotaka ni hali tupu sema liko wazi. Hiyo "ni" haikai mbele ya kitenzi chenye -me-, kiambishi chenyewe kishamaliza kazi. Ya pili, -ka haipokei mtendaji: sahani imevunjwa na Asha. Ukitaka kumkinga Asha basi sema sahani imevunjika na unyamaze hapohapo, watoto wote duniani wanaijua hii bila kufundishwa. Ya tatu, zimefuliwa, maana nguo haiwezi kuwa kwenye beseni na kabatini kwa wakati mmoja. Ya nne ndiyo ile niliyoanza nayo: tulipofika duka lilikuwa limefungwa. "Lilifungwa" linasimama peke yake kama kwa kweli walifunga mlipotokea, ila nusu ya pili ya sentensi yako inakukana, umeambiwa ni tangu mchana.

La nyongeza kwa waliomaliza mapema: simama mbele ya mlango wowote uandike sentensi nne kuuhusu, umefungwa, unafungwa, umefunguka, umefunguliwa, na kila moja uiongezee maneno yatakayofanya zile nyingine tatu zisiwezekane. Mfano wangu wa umefunguka: "Mlango umefunguka wenyewe, komeo limelegea." Nileteeni Jumatatu, kwa mwandiko unaosomeka.