Kuh: Mwaliko wa kuzungumza kongamanoni tarehe 26 Machi, na jina la Bi. Zuhura

Mombasa, Jumatatu, 2 Machi 2026

Dada Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Ramadhani njema kwako na kwa wote nyumbani.

Barua yako ya Ijumaa nimeipata, na nashukuru kwa dhati kwamba kamati ilinikumbuka. Jibu naliweka mwanzo ili likurahisishie kazi: Alhamisi tarehe 26 sitaweza kuzungumza. Sikutaka kukuandikia "inshallah tutaona", ukaliweka jina langu kwenye ratiba, kisha wiki yenyewe ikifika uanze kunitafuta kwa simu na karatasi zimeshachapishwa.

Kilichonifunga ni ile nyumba ya Kibokoni. Tulipobandua sakafu ya dari tulikuta boriti 11 kati ya 26 zimeoza vichwa, pale zinapoingia ukutani. Ukitazama kutoka chini zinaonekana nzima. Ukichomeka bisibisi kichwani, inazama mpaka kwenye mpini. Ukuta wa nje ulipigwa plasta ya simiti. Maji ya mvua yaliingia kwenye nyufa, simiti ikayazuia yasitoke, yakabaki kwenye vichwa vya boriti. Boriti mpya zimeshafika, lakini mwezi huu wa mfungo mafundi wanafanya kazi nusu siku, na baada ya Idi watarudi Jumatatu tarehe 23. Wiki hiyo ndiyo ya kumwaga chokaa na vifusi vya matumbawe na kupigilia siku tatu mfululizo. Kupigilia hakukatwi katikati: tabaka likikauka juu na chini bado laini, ufa hauna budi kutokea. Baada ya hapo tunafunika kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni, na masika yako mlangoni. Mwenye nyumba amehamisha familia yake kwa ajili ya kazi hii, siwezi kumwacha na dari wazi.

Sasa kuhusu nafasi hiyo ya dakika 40. Naomba mumwalike Bi. Zuhura, mchoraji na mpimaji wa majengo. Simtaji ili kuziba pengo. Umeandika kwamba wasikilizaji wengi watakuwa wenye nyumba za Mji wa Kale wenyewe, na kwa watu hao ningemchagua yeye hata kama ningekuwa huru. Mimi ningewaeleza namna ya kuchanganya chokaa, jambo ambalo mwenye nyumba hatalifanya kwa mkono wake. Yeye atawafundisha kuusoma ukuta kabla hawajamwita fundi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Nimemwona akifanya hivyo kwenye nyumba moja karibu na Ndia Kuu. Alianzia chini ya ukuta, akapitisha kiganja na kuuonyesha unga mweupe uliobaki vidoleni: chumvi. Akagonga plasta kwa kifundo cha kidole, kila shubiri moja, kuanzia sakafuni kwenda juu. Mpaka usawa wa kiuno sauti ilikuwa ya mtungi mtupu, na juu yake ikawa nzito. Akamweleza mama mwenye nyumba kwamba maji yanapanda kutoka ardhini ndani ya matumbawe, yanabeba chumvi, na yakikuta simiti hayapati pa kupumulia. Chumvi inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma ing'oke pamoja na uso wa jiwe. Kupiga tena simiti nzito zaidi, kama fundi wa kwanza alivyoshauri, kungeupandisha unyevu juu zaidi. Yule mama alikuwa ameshanunua mifuko 8, na aliirudisha dukani siku hiyohiyo.

Mada aliyoiwaza yeye mwenyewe ni "Soma ukuta kabla hujaita fundi". Ana picha na michoro ya kutosha. Nilizungumza naye jana jioni. Anajua mlinialika mimi kwanza, yuko tayari kusikia kutoka kwenu, na ameniruhusu nikupe namba yake. Ninakutumia kwa ujumbe wa simu. Sikumwahidi lolote kwa niaba ya kamati, kwa hiyo kama mna mtu mwingine mnayemfikiria, hakuna atakayevunjika moyo.

Mkimwalika, kuna mambo machache ya kuzingatia. Andikeni mwaliko kwa jina lake na kwa mada yake, na kwenye ratiba lisionekane neno "kwa niaba ya". Posho mliyokuwa mmenitengea mimi apewe yeye yote, bila kupunguzwa. Picha zake nyingine ni za ndani ya nyumba za watu, hivyo anahitaji angalau wiki moja ya kuomba idhini ya wenyewe. Ndiyo maana nakusihi usichelewe kumpigia. Huongea haraka akipata hamu, basi mpeni dakika 25 za kuzungumza na 15 za maswali, maana kwenye maswali ndipo anapong'ara. Mmemweka saa nane na nusu mchana, ni sawa, ila mwenyekiti wa kikao akate kwa wakati ili watu wawahi Alasiri.

Upungufu wake mmoja nikuambie mapema: akiulizwa vipimo vya chokaa atasema aulizwe mwashi, na ni haki yake. Kwa hilo nitaandika ukurasa mmoja wa kugawa mlangoni. Utakuwa na uwiano tunaoanzia nao, ndoo 1 ya chokaa iliyolala shimoni kwa ndoo 3 za mchanga uliooshwa. Unene wa kila mkono wa plasta, usiozidi sentimita 1. Na kwa nini mchanga wa ufuoni haufai, kwa sababu ni kuirudisha ukutani ileile chumvi tunayoikimbia. Nitaufikisha kwako kabla ya tarehe 18. Asubuhi ya kongamano nitamtuma kijana alete ndoo ya chokaa, kipande cha boriti iliyooza na kipande cha nzima, viwekwe mezani watu wavishike. Chokaa isifunuliwe mbele ya watoto, inachoma macho.

Kama ratiba ina mwanya asubuhi, wapelekeni wageni hatua chache mpaka kuta za Ngome. Kazi ile ilianza 1593 na ni matumbawe na chokaa vilevile, Bi. Zuhura akiwa na ukuta mkongwe mbele yake hahitaji projekta.

Kwa kongamano lijalo, ningependa sana kuja. Mkiliweka kati ya Agosti na Septemba, mvua kubwa zikiwa zimepita, na mkaniarifu miezi mitatu kabla, nitapanga kazi zangu kuizunguka tarehe yenu. Na mwezi huu, ukiwa na swali lolote kuhusu kikao cha nyumba za kale, nipigie baada ya saa kumi jioni. Kabla ya hapo niko juu ya jukwaa na simu iko chini.

Ukishaongea na Bi. Zuhura nijulishe tu kwa ujumbe mfupi, ili nijue kama ndoo ya chokaa nimkabidhi yeye au niilete ofisini kwenu. Nisalimie Mzee wako, mwambie ile bawaba ya mlango wake imeshapatikana.

Wako,
Salim
Mwashi, Kibokoni