YAH: Shukrani baada ya usaili wa pili, nafasi ya Msimamizi wa Bohari ya Dawa, Mwanza

Ndugu Meneja Ugavi,

Nakushukuru wewe na wenzako kwa usaili wa Jumanne. Usaili wa kwanza ulihusu zaidi hesabu za bohari. Safari hii mlinigusia mambo mawili mapya, nami naomba kuyaongezea maneno machache.

La kwanza ni mnyororo baridi. Katika bohari ya wilaya nilikofanya kazi kwa miaka minne, nilisimamia majokofu matatu ya chanjo yaliyopaswa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na nyuzi hizo nilizisoma na kuziandika asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo. Mliniuliza kuhusu umeme kukatika, nikajibu kwa haraka mno. Nilichosahau kusema ni kwamba tuliacha vipande vya barafu vilainike kwanza kabla ya kuvipanga kwenye makasha, kwa kuwa chanjo kama ya pepopunda huharibika ikiganda, na kosa hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

La pili ni kusambaza dawa visiwani Ukerewe. Uzoefu wangu ni wa barabara, si wa ziwa, na sipendi kuupamba. Hata hivyo, kupanga shehena kwa kutanguliza dawa zinazokaribia kuisha muda ni kazi niliyoizoea.

Nipo tayari kuleta nakala za ripoti zangu za ukaguzi mkizihitaji.

Wako mtiifu,
Rehema