Jaribio la Ufahamu: Tangazo Juu ya Mita ya LUKU

Kiswahili, Kidato cha Kwanza, Mkondo B. Dakika 40. Alama 20.

Maandishi haya yamenakiliwa, kwa ruhusa, kutoka ukutani kwenye nyumba ya kupanga Tandika. Sikuyasahihisha.

KIFUNGU A (kimebandikwa juu ya mita)

Wapangaji wote salaam. Kuanzia tarehe 1 mchango wa LUKU ni 5,000 kila chumba badala ya 4,000. Mwenye friji aongeze 6,000. Mwisho wa kupiga pasi saa 3 usiku. Hela apewe mama wa chumba cha mbele kabla ya tarehe 3, atakayechelewa asilalamike umeme ukikata. Mwenye nyumba

KIFUNGU B (kwa kalamu, chini yake)

Shikamoo baba. Sisi chumba cha nyuma tuna taa moja na simu tu, pasi hatuna. Tunaomba tubaki kwenye ile ya zamani. Tena mwezi uliopita ulikata tarehe 20 na sote tulikuwa tumelipa. Tunaomba tuwe tunaona risiti. Samahani kuandika hapa, hukuwepo.

MASWALI

1. Anayepokea hela ni: (a) mwenye nyumba (b) mpangaji wa mbele (c) mpangaji wa nyuma. (1)
2. Kweli au Si kweli? Nukuu ushahidi.
 (i) Chumba cha nyuma hakikulipa mwezi uliopita.
 (ii) Kila chumba kimeongezewa 1,000. (4)
3. Nyumba ina vyumba sita, viwili vina friji. Jumla ya mwezi ni shilingi ngapi? (2)
4. "Umeme ukikata" hapa ni kwa sababu gani? (2)
5. Mwandishi wa B ana shaka ambayo haitamki. Ni shaka gani, na sentensi zipi mbili zinaidokeza? (4)
6. Anapinga kwa adabu. Toa mifano mitatu. (3)
7. Fupisha kifungu B kwa maneno yasiyozidi 20. (4)

MWONGOZO WA USAHIHISHAJI

1. (b).

2. (i) Si kweli: "sote tulikuwa tumelipa". (ii) Kweli: "5,000 kila chumba badala ya 4,000". Jibu 1, nukuu 1. Asiyenukuu akose ya nukuu, hata kama amepatia.

3. 6 × 5,000 = 30,000; 2 × 6,000 = 12,000; jumla 42,000. Njia 1, jibu 1.

4. Uniti kuisha kwa kukosa hela ya kununulia. Anayejibu "mgao" apate 0: tangazo linafunga kukata na kuchelewa kulipa.

5. Kwamba huenda hela yote hainunui umeme (2). Sentensi ya tarehe 20 na ya risiti (1 kila moja). Hapa nasisitiza: anayeandika "mama wa mbele ni mwizi" asipewe zile 2. Kifungu hakimtaji mtu, na mwanafunzi lazima ajue mpaka kati ya kudokezwa na kusemwa. Mrudishie kwa maelezo, si kwa mkato mwekundu pekee.

6. "Shikamoo baba", "tunaomba", "samahani".

7. Hoja mbili, 2 kila moja: kubaki 4,000 kwa kuwa matumizi ni madogo, kuonyeshwa risiti. Mfano: "Chumba cha nyuma kinaomba kubaki 4,000 kwa sababu kinatumia umeme kidogo, na wapangaji waonyeshwe risiti." Akizidisha maneno 20, punguza 1.