Kikao cha kesho: ujumbe wa kwanza na ulivyoandikwa upya

Wa kwanza: "Kesho hakuna mkutano. Tutaambiana siku nyingine."

Upya:
Habari za jioni, wanakamati. Kikao cha kesho Jumatano tarehe 12, saa nne asubuhi, kimeahirishwa. Taarifa ya benki haijafika, na bila hiyo hatuwezi kupitisha mikopo. Poleni sana wenzetu wa Ahero mliokuwa mmeshapanga safari. Chagueni siku mpya inayowafaa, ukumbi ni ule ule wa Kibuye:

A: Ijumaa tarehe 14, saa nane hadi saa tisa na nusu mchana
B: Jumatatu tarehe 17, saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi

Jumapili nimeiacha kwa sababu ya soko. Jibu A, B au "zote" kabla ya saa tatu usiku leo. Akidi ni watu saba. Nitatangaza siku kesho saa mbili asubuhi.

Wa pili, kwa mkaguzi: "Tusogeze kidogo?"

Upya:
Habari, Mwalimu. Naomba tuhamishe ukaguzi wa Alhamisi tarehe 13 hadi Jumanne tarehe 18, saa tatu asubuhi au saa nane mchana. Vitabu na risiti vitakuwa tayari. Tafadhali nithibitishie saa utakayofika.